Asali ya Tabora kwa mnunuzi wa ng'ambo: lugha mbili, bei moja

NDOO ya lita 20 ikijazwa asali haina kilo 20. Ina kilo 28 hivi, kwa kuwa lita moja ya asali iliyoiva ina uzito wa karibu kilo moja na gramu 400. Kila mfugaji wa nyuki wa Tabora aliyewahi kubeba ndoo hiyo kichwani analijua jambo hilo kwa shingo yake. Asiyelijua ni kijana wa mjini anayepewa kazi ya kuliweka tangazo la mauzo katika Kiingereza, ili lisomwe na mnunuzi aliyeko Maskati, London au Toronto. Anaona "ndoo ya 20", anaandika kilo 20, na hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Asali ya Tabora inatoka katika misitu ya miombo, na jina lake linafahamika mbali. Wanaoiulizia kutoka nje ni wa aina mbili. Wapo Watanzania na watu wenye asili ya hapa wanaoishi ng'ambo, wakiwamo wale wa Oman ambao koo zao zilikaa Tabora tangu enzi za misafara, na ambao Kiswahili bado ni lugha ya nyumbani kwao. Wapo pia wenye maduka ambao hawajui Kiswahili hata kidogo. Mara nyingi watu hao wawili wapo katika biashara moja: ndugu anasoma tangazo la Kiswahili, mshirika wake anasoma la Kiingereza, kisha wanakaa pamoja kupiga hesabu. Matangazo hayo mawili yakitofautiana, watashika lile lenye nafuu kwao, na hatuwezi kuwalaumu.

Makala haya yanaeleza namna ya kuandika tangazo moja katika lugha mbili bila bei na masharti kupishana njiani. Tutatumia mfano wa kikundi cha wafugaji nyuki chenye stoo Kitete, katika Manispaa ya Tabora. Tuseme kina ndoo 60 za asali, kila moja ya lita 20, na kimekubaliana kuuza kwa shilingi 10,000 kwa kilo. Bei hiyo ni ya mfano tu, kwa ajili ya hesabu. Bei ya kweli hubadilika kwa msimu.

Tangazo la kwanza

Mara nyingi tangazo huanza kama lilivyosemwa mdomoni. Mwenyekiti anasema, katibu anaandika:

"Tunauza asali mbichi ya asili. Ndoo kubwa laki mbili na themanini. Mzigo upo Tabora. Arabuni kwanza. Hatutoi mali kauli. Maelewano yapo."

Kwa msomaji wa Tabora hakuna kilichofichika hapo. Ndoo kubwa ni ya lita 20. Mzigo upo Tabora maana yake usafiri ni juu ya mnunuzi. Arabuni ni fedha ya kufunga biashara, na anayekimbia anaiacha. Lakini tangazo hili limeacha mambo mengi yajazwe na desturi, na desturi haipandi ndege. Anayelitafsiri neno kwa neno anamfikishia mnunuzi maneno bila ile mizizi yake. Kila mahali desturi ilipokuwa inasema jambo kimyakimya, mnunuzi wa mbali ataweka desturi ya kwao.

Tuanze na neno "mbichi". Katika Kiingereza cha biashara ya asali lipo neno "raw", na wengi hulitafsiri kuwa mbichi. Maana yake ni asali ambayo haikupashwa moto kiwandani. Kwa mfugaji wa nyuki, hata hivyo, asali mbichi inaweza kuwa ni ile iliyovunwa kabla ya kuiva, kutoka vyumba vya sega ambavyo nyuki hawajavifunika kwa nta. Asali ya namna hiyo ina maji mengi na huchacha. Ni mambo mawili tofauti kabisa: la kwanza humfanya mnunuzi aongeze bei, la pili humfanya akimbie. Kwa hiyo toleo la Kiswahili liseme "asali iliyoiva, haikupashwa moto", na la Kiingereza litumie "raw" likiongeza kiwango cha maji kilichopimwa. Kiwango hicho kina maana kwa mnunuzi wa Ulaya, kwa sababu kanuni ya asali ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 inaruhusu maji yasiyozidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Kifaa cha kupimia kinaitwa rifraktomita. Tone moja la asali linatosha, na kikundi kisicho na kifaa hicho kinaweza kuulizia msaada Chuo cha Ufugaji Nyuki kilichopo hapo hapo Tabora.

Neno "asili" nalo lina mtego. Asali ya asili ni asali isiyochanganywa na kitu, basi. Mtafsiri akiliweka "organic", ametangaza jambo ambalo huhitaji cheti cha mkaguzi. Masharti ya Ulaya kuhusu ufugaji nyuki wa aina hiyo yanaangalia hata mimea iliyopo ndani ya kilomita tatu kuzunguka mizinga. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na tumbaku hupuliziwa dawa. Kikundi ambacho mizinga yake ipo ndani sana ya hifadhi ya msitu huenda kikakidhi masharti, lakini bila cheti neno hilo lisionekane kwenye tangazo. Litumike "pure" au "natural", na toleo la Kiswahili libaki na "asali halisi, haikuchanganywa".

Asali ya nyuki wadogo inataka uangalifu wa peke yake. Ukiitafsiri kama ilivyo, kwamba ni asali ya nyuki wenye umbo dogo, msomaji wa Kiingereza hataelewa. Jina lao kwa Kiingereza linatokana na kutokuwa na mwiba: "stingless bees". Isitoshe, kanuni ile ile ya Ulaya inatambua kuwa asali ni ile tu inayotengenezwa na nyuki wakubwa wa kawaida, na asali ya nyuki wadogo kwa tabia yake ina maji mengi zaidi. Isiwekwe katika tangazo moja na asali nyingine, hata kama imetoka kijiji kimoja.

Kipimo kinachokula fedha

Turudi kwenye ndoo. Kikundi chetu kinauza ndoo ya kilo 28 kwa shilingi 280,000, yaani shilingi 10,000 kwa kilo. Toleo la Kiingereza likisema kilo 20 kwa bei hiyo hiyo, mnunuzi anagawanya na kupata shilingi 14,000 kwa kilo. Anaona ghali, anafunga ukurasa, na kikundi hakitajua kamwe kwa nini hakupiga simu. Hiyo ndiyo hasara ya kimya.

Hasara ya kelele ni pale mtafsiri mwingine anapogundua kosa nusu. Anabaki na kilo 20 na kuweka bei ya kilo, shilingi 10,000, hivyo ndoo inakuwa shilingi 200,000. Mnunuzi anaagiza ndoo zote 60 na kutuma shilingi milioni 12. Kikundi kilitarajia milioni 16 na laki nane. Katikati hapo pana shilingi milioni 4 na laki nane na asali kilo 480 zinazogombaniwa, na kila upande una tangazo mkononi la kuuthibitishia kuwa una haki.

Dawa yake ni kupima kwa mizani, siyo kukadiria. Ndoo tupu na mfuniko wake ipimwe kwanza, kisha ipimwe ikiwa na asali, na tofauti ndiyo uzito wa kuandika. Si kila ndoo inayoitwa ya lita 20 inajazwa hadi lita 20. Wengine huacha nafasi juu ili isimwagike, na ndoo hiyo inaweza kuwa na kilo 26 tu. Kikundi kiamue uzito mmoja kwa ndoo zote, kwa mfano kilo 28 kamili bila ndoo, na zote zisawazishwe hapo. Kisha lita zifutwe kabisa katika matangazo yote mawili. Tangazo likitaja lita na kilo kwa pamoja limejipa namba mbili za kutofautiana.

Galoni ni hatari kuliko ndoo. Huku kwetu galoni ni chombo, na mara nyingi mtu akisema galoni ana maana ya dumu la lita tano. Mmarekani akisoma "gallon" anaelewa lita 3.8 hivi, na Mwingereza anaelewa lita 4.5. Mteja wa Marekani akiagiza galoni 100, kichwani mwake ana lita 380, na stoo Kitete inapakia lita 500. Neno hilo lisitumike kwa mnunuzi wa nje, hata katika toleo la Kiswahili, kwa sababu jamaa aliyekaa huko miaka mingi naye ameshazoea galoni ya huko.

Jambo hili si geni katika mji huu. Burton alipofika Kazeh mwaka 1857, pembe za ndovu zilikuwa zikipimwa kwa frasila na nguo kwa shuka na doti, na vipimo hivyo vilieleweka kutoka pwani hadi Ujiji. Frasila ilikuwa ratili 35 hivi, karibu kilo 16. Wanyamwezi waliobeba mizigo, Waarabu wa Unyanyembe na Wahindi waliokopesha bidhaa Unguja walizungumza lugha mbalimbali, ila mzigo ulihesabiwa kwa kipimo kilichofahamika pande zote. Leo kipimo hicho ni kilo.

Shilingi ipi, na ya lini?

Kikundi kikishaamua uzito, kinakuja kwenye fedha. Wengi hudhani ni ukarimu kuandika shilingi katika tangazo la Kiswahili na dola katika la Kiingereza. Matokeo yake ni bei mbili, kwa sababu siku ya pili tu kiwango cha kubadilishia kimeshasogea.

Tuchukue hesabu. Siku tangazo linatoka, tuseme dola moja ni shilingi 2,700. Ndoo ya shilingi 280,000 inakuwa dola 103.70, na katibu anaandika dola 104. Baada ya miezi michache shilingi inaimarika, kama ilivyotokea katika nusu ya pili ya mwaka 2025, na dola inakuwa shilingi 2,450. Mnunuzi anayelipa dola 104 sasa ameleta shilingi 254,800. Kila ndoo imepungukiwa shilingi 25,200, na kwa ndoo 60 ni shilingi 1,512,000. Shilingi ingedhoofika, hasara ingekuwa ya mnunuzi, naye angeomba kulipa kwa tangazo la Kiswahili.

Ipo pia sababu ya kisheria. Tangu Machi 2025, kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza au kutoza bei ya bidhaa na huduma za hapa nchini kwa fedha za kigeni. Mzigo unaokabidhiwa stoo Kitete ni biashara ya hapa nchini. Kwa hiyo matangazo yote mawili yaandike shilingi ya Tanzania peke yake. Mnunuzi wa nje akiomba kujua ni dola ngapi au rial ngapi, jibu lake liwe katika ankara ya awali anayoandikiwa yeye kwa jina, kwa mzigo unaosafirishwa nje, ikitaja tarehe, kiwango kilichotumika na siku ambayo ankara hiyo inakoma. Kabla ya kutoa ankara ya fedha za kigeni kikundi kizungumze na benki yake.

Namna ya kuandika shilingi nayo ina kanuni zake. Mkato na mistari yetu ya "280,000/=" haieleweki nje ya Afrika Mashariki; wapo wanaodhani ni alama za hesabu. Neno shilingi peke yake linaweza kuwa la Kenya au Uganda, na shilingi ya Kenya ina thamani ya karibu mara 20 ya shilingi yetu. Litumike TZS, jina ambalo benki zote duniani hulionyesha kwenye skrini zao. Mkato wa maelfu ubaki, lakini ifahamike kuwa Mjerumani huandika elfu kwa nukta, hivyo namba kubwa irudiwe kwa maneno. Katika kuirudia kwa maneno, "laki" iachwe Kitete. Toleo la Kiswahili liseme "shilingi mia mbili themanini elfu", na la Kiingereza liseme hivyo hivyo kwa mpangilio huo huo, ili hata asiyejua lugha zote mbili aweze kulinganisha.

Tarehe ziandikwe kwa jina la mwezi. 05/06 ni Juni tano kwetu, na ni Mei sita kwa Mmarekani. Saa za kupakia au kupigiana simu zina mtego unaojulikana: saa mbili asubuhi ni saa nane kwa saa ya Kizungu, na toleo la Kiingereza liandike 8 likitaja ni saa za Tanzania.

Masharti

Maneno ya masharti ndiyo yanayofika mahakamani, hivyo tuyape muda.

"Mzigo upo Tabora" tumeliona. Mtafsiri mmoja atasema ni asali ya Tabora, yaani inatoka Tabora, na mnunuzi atadhani bei inafika hadi bandarini. Kutoka Tabora hadi Dar es Salaam kwa reli ya kati ni kilomita 840 hivi, na ndoo 60 ni zaidi ya tani moja na nusu. Gharama hiyo si ya kuachia tafsiri. Iandikwe wazi katika lugha zote mbili: bei ni ya kukabidhiwa stoo Kitete, na usafiri, vibali na ushuru ni juu ya mnunuzi. Vifupisho vya biashara ya kimataifa kama EXW na FOB ni vizuri kwa anayevijua. Kikundi kinachoandika FOB kwa sababu kimeona wengine wakiandika kimejitwisha gharama zote hadi mzigo ukae ndani ya meli.

"Arabuni" ni neno zuri lenye asili ya Kiarabu, na Mwomani atalielewa vizuri pengine kuliko sisi: fedha ambayo muuzaji anabaki nayo mnunuzi akighairi. Lakini Kiingereza chake cha kawaida, "deposit", hakisemi kama fedha inarudishwa au hairudishwi. Lazima sharti hilo liongezwe kwa maneno kamili. Na kwa haki, tangazo liseme pia muuzaji akishindwa kutoa mzigo itakuwaje. Matangazo mengi hukaa kimya hapo, na ukimya huo humtia mnunuzi wa mbali wasiwasi kuliko bei.

"Hatutoi mali kauli" haitafsiriki neno kwa neno hata kwa bahati. Maana yake ni kwamba mzigo hautoki kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Kiingereza kiseme hakuna kukopesha, na salio lote lilipwe kabla ya kupakia. "Maelewano yapo" napendekeza lifutwe katika matoleo yote mawili. Sokoni ni adabu. Kwa mnunuzi wa nje linasema bei iliyoandikwa siyo bei. Kama kikundi kipo tayari kupunguza kwa anayechukua ndoo 30 na zaidi, kiandike kiasi chenyewe.

Lipo neno moja la Kiingereza la kukwepa: "container". Katibu akichoka kurudia ndoo, hulitumia ili sentensi zipendeze. Mwagizaji wa nje akisoma hivyo anafikiri kontena la futi 20. Katika tangazo la mauzo kitu kimoja kiitwe jina moja kuanzia juu hadi chini. Ikiwa ni ndoo ni ndoo.

Karatasi ya namba

Baada ya yote hayo, namna ya kufanya kazi yenyewe ni rahisi. Kikundi kisianze na Kiswahili wala Kiingereza. Kianze na karatasi moja yenye mistari iliyopewa namba, na katika mistari hiyo ziandikwe namba na masharti tu. Toleo la kila lugha lifuate mistari hiyo hiyo, kwa namba hizo hizo, bila kuunganisha miwili wala kugawa mmoja. Kwa mfano wetu Kiswahili kitasomeka hivi:

1. Bidhaa: asali ya nyuki iliyoiva, haikupashwa moto, maji asilimia 19 au pungufu.
2. Kipimo: ndoo moja, kilo 28 bila uzito wa ndoo. Zipo ndoo 60.
3. Bei: TZS 280,000 kwa ndoo (shilingi mia mbili themanini elfu).
4. Mahali: stoo ya muuzaji, Kitete, Tabora. Usafiri haumo katika bei.
5. Arabuni: asilimia 30. Mnunuzi akighairi hairudishwi. Muuzaji akishindwa inarudishwa yote.
6. Salio: lilipwe kabla ya kupakia.
7. Bei hii inakoma tarehe 31 Agosti 2026.

Na Kiingereza chake, mstari kwa mstari:

```
1. Ripe raw honey, not heated, moisture 19% or less
2. Unit: 1 bucket, 28 kg net. 60 buckets available
3. Price: TZS 280,000 per bucket
   (two hundred and eighty thousand)
4. Place: seller's store, Kitete, Tabora.
   Transport not included
5. Deposit: 30%. Not refunded if buyer withdraws;
   refunded in full if seller fails to deliver
6. Balance: paid before loading
7. Price valid until 31 August 2026
```

Maneno ya kuipamba asali, kwamba ni ya misitu ya miombo na rangi yake ikoje, yawekwe juu ya mistari hiyo na hayahitaji kufanana sana. Mtafsiri apewe uhuru hapo. Ndani ya mistari saba hana uhuru wowote.

Kabla ya kutoa, lifanyike jaribio moja. Atafutwe mtu anayejua Kiingereza ambaye hajaliona toleo la Kiswahili. Mwalimu wa sekondari anafaa. Asome Kiingereza, kisha aulizwe kwa Kiswahili: nikitaka ndoo 10, nitapata kilo ngapi, nitalipa ngapi leo, nitalipa ngapi baadaye, na nitazichukulia wapi? Akijibu kilo 280, shilingi 840,000 leo, shilingi 1,960,000 kabla ya kupakia, stoo Kitete, tangazo limepona. Akisita mahali popote, tatizo lipo katika mstari huo na si katika Kiingereza chake.

Kuna swali ambalo vikundi huuliza: matangazo yakitofautiana pamoja na juhudi zote, lipi lishike? Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, katika kifungu cha 13 inatambua ridhaa pale tu wahusika wanapokubaliana juu ya jambo lile lile kwa maana ile ile. Maana yake, tofauti ya lugha inaweza kuuyumbisha mkataba wenyewe, na haiishii kwenye ugomvi wa bei. Nayo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ndiyo maana mstari wa mwisho wa matangazo yote mawili useme ni lugha ipi inayotawala. Maoni yangu ni kwamba itawale ile ambayo wanakikundi wenyewe wanaweza kuisoma na kuitetea, yaani Kiswahili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Wapo watakaosema mnunuzi mgeni atakataa. Huenda. Basi mkataba wenyewe, utakaofuata tangazo, uandikwe na wakili kwa lugha zote mbili na kusainiwa kila ukurasa. Kwa mzigo wa shilingi milioni 16 gharama hiyo inabebeka.

Linabaki suala la kubadilisha bei. Kikundi kikipandisha bei baada ya mavuno kuwa haba, kawaida toleo la Kiswahili hubadilishwa siku hiyo hiyo kwa sababu kila mtu anaweza, na la Kiingereza linamsubiri yule kijana arudi kutoka chuoni. Katika wiki hizo mbili zipo bei mbili sokoni. Karatasi ya namba ina tarehe na namba ya toleo juu yake, tuseme Toleo la 2, 14 Julai 2026, na namba hiyo huonekana katika lugha zote mbili. Kama Kiingereza cha Toleo la 2 hakijawa tayari, Kiswahili chake nacho kinasubiri. Mnunuzi akipiga simu kuuliza bei, swali la kwanza la katibu liwe: "Ndugu, una toleo namba ngapi?" Aliyelipa arabuni kwa Toleo la 1 kabla halijakoma anapewa mzigo kwa bei ya Toleo la 1, hata kama tangazo alilosoma ni la lugha nyingine.